Biashara ya mtu mmoja inapogeuka kampuni: namna mali inavyothaminiwa na thamani ya jina inavyokokotolewa

Mfanyabiashara anayesajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hupewa cheti, lakini cheti hicho hakizai mtu mpya mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, jina ni la kutambulisha tu. Mali, madeni, faida na mashauri yote hubaki kuwa ya mwenye jina. Kampuni yenye ukomo wa dhima, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, ni jambo lingine kabisa. Hiyo ni mtu wa pili kisheria, mwenye mali yake na madeni yake, hata kama karibu hisa zote ziko mikononi mwa mtu mmoja.

Kutokana na tofauti hiyo, biashara ya mtu mmoja haigeuki kampuni kwa kurekebisha cheti. Kinachofanyika ni mauzo. Mwenye biashara huanzisha kampuni, kisha huiuzia kampuni hiyo biashara yake, na mara nyingi hulipwa kwa hisa badala ya fedha taslimu. Penye mauzo pana bei, na bei hiyo ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wanakaa ofisi moja na pengine wanatumia kalamu moja kusaini.

Ugumu wa jambo hili si mpya. Mwaka 1892 mtengenezaji wa viatu wa London, Aron Salomon, aliiuzia kampuni aliyoianzisha mwenyewe biashara yake kwa bei iliyokaribia pauni 39,000. Wanahisa wengine walikuwa mke wake, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja akiwa na hisa moja. Mwaka uliofuata kampuni ilifilisika. Shauri lake lilifika katika Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo mwaka 1896 liliamua kuwa kampuni ilikuwa mtu tofauti na Salomon, hivyo hakuwajibika kulipa madeni yake. Hukumu hiyo hufundishwa hadi leo katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, Tanzania ikiwamo. Jambo linalosahaulika ni kwamba katika hukumu hiyohiyo bei ya biashara ilielezwa kuwa imetokana na matumaini ya mwenye mali anayeipenda mali yake kuliko makadirio ya kibiashara. Salomon alishinda, lakini waliokuwa wameikopesha kampuni bila dhamana hawakupata kitu.

Mpangilio wa hatua

Jambo la kwanza ni kusajili kampuni kupitia mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao (ORS), na kupata cheti cha usajili pamoja na katiba ya kampuni iliyopokelewa na Msajili. Mkataba wa mauzo ya biashara husainiwa baada ya hapo, si kabla. Kampuni ambayo haijasajiliwa haipo, na asiyekuwepo hawezi kununua. Mkataba uliosainiwa wiki moja kabla ya tarehe ya cheti unaweza kumbana aliyeusaini binafsi na kuiacha kampuni nje.

Mkataba huo unapaswa kutaja tarehe ya makabidhiano, orodha ya mali zinazohamishwa, orodha ya madeni ambayo kampuni inayachukua, bei, na namna bei inavyolipwa. Ikiwa bei inalipwa kwa hisa, nakala ya mkataba huwasilishwa kwa Msajili pamoja na taarifa ya mgao wa hisa, kwa sababu kila anayesoma jalada la kampuni ana haki ya kujua kwamba hisa hizo hazikulipiwa kwa fedha bali kwa mashine, gari na mzigo wa ghalani.

Kinu cha Morogoro

Ili hesabu ieleweke, tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke mwenye kinu cha kusaga mahindi na kukoboa mpunga mjini Morogoro. Ameendesha kinu kwa jina la biashara kwa miaka kadhaa. Sasa amepata mtu wa kuongeza mtaji wa shilingi milioni 25 ili inunuliwe mashine ya kisasa ya kuchambua mawe kwenye mchele, na mtu huyo hataki kuingiza fedha zake katika biashara ya mtu binafsi. Wamekubaliana waanzishe kampuni. Tarehe ya makabidhiano ni 30 Juni, na swali lililo mezani ni moja: mwenye kinu anastahili hisa ngapi kwa kile anacholeta?

Daftari lake linaonyesha mashine kwa shilingi milioni 24, lori dogo kwa milioni 18, mzigo wa mpunga, mahindi, unga na mifuko kwa milioni 21, wateja wanaodaiwa milioni 16, na fedha benki milioni 4.5. Jumla ni shilingi milioni 83.5. Upande wa madeni kuna mkopo wa benki wa milioni 15 na wakulima wanaodai milioni 9. Kwa daftari, basi, mali halisi baada ya kuondoa madeni ni shilingi milioni 59.5.

Takwimu hizo ni sahihi kihasibu, lakini hazikuandikwa kwa ajili ya kuuza. Thamani ya mashine kwenye daftari ni bei ya kununulia iliyopunguzwa kila mwaka kwa kiwango cha uchakavu kilichopangwa, na kiwango hicho hakijui kama mashine imetunzwa au imetelekezwa. Katika kinu hiki mashine zimetunzwa vizuri. Mthamini aliyezikagua na kulinganisha na bei za mashine za umri huo sokoni alizipa shilingi milioni 36. Lori lilikwenda upande wa pili: injini imechoka, na thamani yake ya kuuzika ni milioni 14.

Mzigo wa ghalani ulihitaji mtu kuingia na kuhesabu magunia. Sehemu ya mahindi ilikwishaliwa na dumuzi, na thamani ikashuka hadi milioni 19. Kwa wateja wanaodaiwa, njia inayofaa ni kupanga madeni kwa umri wake. Deni la mwezi mmoja uliopita lina uwezekano mkubwa wa kulipwa. Deni la mwaka mzima la mtu aliyehama mji halina. Baada ya kupangwa hivyo, milioni 3.5 ziliondolewa na kubaki milioni 12.5. Fedha za benki hazina ubishi, nazo zilibaki milioni 4.5. Jumla mpya ya mali ikawa shilingi milioni 86.

Madeni nayo yalikaguliwa, na hapa ndipo mnunuzi makini hutumia muda mwingi kuliko kwenye mashine, kwa sababu mashine isiyoandikwa huonekana kwa macho ila deni lisiloandikwa halionekani. Ilibainika kuwa michango ya wafanyakazi kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) pamoja na mishahara ya likizo, jumla milioni 2, haikuwa imeingizwa kwenye daftari. Madeni yakapanda kutoka milioni 24 hadi 26. Mali halisi kwa thamani ya sasa ni 86 kutoa 26, yaani shilingi milioni 60.

Msomaji ataona kwamba milioni 60 inakaribiana sana na milioni 59.5 ya daftarini, na anaweza kuuliza kwa nini gharama ya uthamini iliingiwa. Jibu ni kwamba ukaribu huo ni wa bahati. Mashine zilipanda kwa milioni 12, na vingine vyote isipokuwa fedha za benki vikashuka. Kama mashine zingekuwa hazikutunzwa, mwenye kinu angekuwa ameleta mali pungufu sana kuliko daftari lilivyosema, na mwenzake angegundua baada ya kulipa.

Kiwanja chenye kinu hakimo katika orodha hiyo. Mwenye kinu ameamua kubaki nacho kwa jina lake na kuipangisha kampuni kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Uamuzi huo una faida zake: kiwanja kinakuwa nje ya mali za kampuni iwapo itayumba, na mauzo ya ardhi, ambayo yana taratibu zake na kodi yake, yanaepukwa. Anayetaka kuhamisha ardhi au jengo kwenda kampuni atahitaji taarifa ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na umiliki haukamiliki mpaka uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Thamani ya jina

Kama kinu kingeuzwa vipande vipande siku hiyo, kingeleta takribani milioni 60 baada ya kulipa madeni. Lakini kinu hakiuzwi vipande. Kinauzwa kikiwa kinafanya kazi, kikiwa na wakulima waliozoea kukileta mpunga wao na shule zinazonunua unga kila muhula. Thamani hiyo ya ziada, inayozidi jumla ya mali moja moja, ndiyo wahasibu wanayoiita gudwili. Katika makala haya itaitwa thamani ya jina. Jaji wa Uingereza, Lodi Eldon, aliieleza mwaka 1810 kwa maneno mepesi kuwa ni uwezekano wa wateja wa zamani kuendelea kufika mahali palepale. Maelezo hayo bado yanatosha, na yana onyo ndani yake: kama wateja wanamfuata mtu na si mahali, kampuni haijanunua kitu.

Wenye biashara wengi hukisia thamani hiyo kwa kuchukua faida ya mwaka wa mwisho na kuizidisha kwa tatu. Kwa kinu hiki, kilichopata faida ya shilingi milioni 36 mwaka jana, jawabu lingekuwa milioni 108. Hesabu hiyo ina makosa matatu, na kila moja linastahili kuelezwa.

Kosa la kwanza ni kutegemea mwaka mmoja. Faida za miaka mitatu zilikuwa milioni 27, 39 na 36. Ukaguzi ulionyesha kuwa katika mwaka wa pili milioni 6 zilitokana na kuuza mashine ya zamani, jambo ambalo halitajirudia kila mwaka. Faida ya kinu chenyewe mwaka huo ilikuwa milioni 33. Jumla ya 27, 33 na 36 ni 96, na wastani wake ni shilingi milioni 32 kwa mwaka.

Kosa la pili ni kusahau kuwa mwenye kinu hakuwahi kujilipa mshahara wala pango. Katika biashara ya mtu mmoja, fedha anazochukua mwenyewe haziitwi gharama. Ni sehemu ya faida yake. Katika kampuni mambo hubadilika. Kampuni italazimika kumlipa yeye au meneja mwingine, na italipa pango la kiwanja. Meneja wa kinu cha ukubwa huo alikadiriwa kulipwa milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na pango ni milioni 3. Milioni 32 zikiondolewa 15 zinabaki milioni 17. Hiyo ndiyo faida ambayo kampuni inaweza kuitarajia kabla ya kodi.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi. Mtu yeyote mwenye mali ya shilingi milioni 60 anastahili kupata faida fulani kwa kuiweka katika biashara, hata kama biashara hiyo haina jina lolote. Faida hiyo ya kawaida ni malipo ya mtaji, na mtaji umekwisha kuhesabiwa ndani ya zile milioni 60. Kuihesabu tena kama thamani ya jina ni kulipwa mara mbili kwa kitu kimoja. Kiwango cha faida ya kawaida huanzia kwenye kile ambacho mtu angepata bila hatari, kama vile riba ya hatifungani za Serikali, kisha huongezwa kwa ajili ya hatari ya biashara husika. Kwa kinu, wahusika walikubaliana asilimia 20. Asilimia 20 ya milioni 60 ni milioni 12.

Faida ya ziada, basi, ni 17 kutoa 12, yaani shilingi milioni 5 kwa mwaka. Hicho ndicho kinachozalishwa na jina, mahali na mazoea ya wateja. Hatua ya mwisho ni kuamua faida hiyo inunuliwe kwa miaka mingapi.

Idadi ya miaka haitoki kwenye jedwali lolote la sheria. Inatokana na swali la vitendo: iwapo mwenye kinu angeondoka kesho, wateja wangeendelea kuja kwa muda gani kabla mshindani hajawachukua? Kinu hiki kipo kwenye njia ya wakulima na shule zina mikataba ya maandishi, mambo ambayo yanadumu. Kwa upande mwingine, baadhi ya wakulima huja kwa sababu wanamfahamu mwenye kinu kwa sura. Wahusika walichukua miaka mitatu. Milioni 5 mara tatu ni shilingi milioni 15, na hiyo ndiyo thamani ya jina. Bei ya biashara nzima ni milioni 60 jumlisha 15, yaani shilingi milioni 75.

Hesabu nzima inaweza kuandikwa kwa mistari michache, kwa mamilioni ya shilingi:

```
Wastani wa faida (27 + 33 + 36) / 3      = 32
Mshahara na pango             12 + 3     = 15
Faida inayotarajiwa           32 - 15    = 17
Faida ya kawaida              60 x 20%   = 12
Faida ya ziada                17 - 12    =  5
Thamani ya jina               5 x 3      = 15
Bei ya biashara               60 + 15    = 75
```

Inafaa kuona jinsi jawabu hilo lilivyo jepesi kuyumba. Kama mshahara wa meneja ungekadiriwa kuwa milioni 1.5 kwa mwezi badala ya milioni 1, faida inayotarajiwa ingeshuka hadi milioni 11, chini ya faida ya kawaida, na thamani ya jina ingetoweka kabisa. Biashara nyingi zinazoonekana kuwa na faida nono ziko katika hali hiyo: kinachoitwa faida ni mshahara wa mwenye biashara ambao hajawahi kujilipa. Kwa hiyo mshahara huo hauwi suala la heshima bali la ushahidi, na njia rahisi ya kuupata ni kuuliza vinu vya jirani vinawalipa mameneja wao kiasi gani.

Hisa na kura

Kampuni ikitoa hisa za shilingi 1,000 kila moja, mwenye kinu anapata hisa 75,000 kwa biashara aliyoileta, na mwenzake anapata hisa 25,000 kwa fedha taslimu milioni 25. Hisa zote ni 100,000, hivyo mgawanyo ni asilimia 75 kwa 25.

Mgawanyo huo una maana kubwa kuliko gawio la faida. Chini ya Sheria ya Kampuni, mambo mazito kama kubadili katiba ya kampuni hupitishwa kwa azimio maalumu, linalohitaji angalau robo tatu ya kura. Mwenye asilimia 75 analifikia kwa kura zake mwenyewe. Kama thamani ya jina ingeachwa kabisa, bei ya biashara ingekuwa milioni 60 kati ya mtaji wa milioni 85, na mwenye kinu angebaki na takribani asilimia 70.6. Mwenzake angekuwa na asilimia 29.4, na tangu siku hiyo hakuna azimio maalumu ambalo lingepita bila ridhaa yake. Milioni 15 ambazo hazishikiki kwa mkono ndizo zilizoamua nani ana neno la mwisho.

Upande wa pili nao una hatari yake. Kama ingetumika ile hesabu ya haraka ya milioni 108, bei ya biashara ingekuwa milioni 168, na mwenye fedha taslimu angeambulia takribani asilimia 13 ya kampuni kwa milioni 25 zake. Mwanzilishi wa kampuni ana wajibu wa kisheria wa kueleza bayana kwa wanaojiunga anauza nini, kwa bei gani, na bei hiyo imepatikanaje. Taarifa ya uthamini iliyosainiwa na pande zote mbili kabla ya mgao wa hisa ni kinga kwa wote wawili.

Kifungu kingine kisichopaswa kukosekana katika mkataba ni kile kinachomzuia muuzaji kufungua kinu kingine karibu kwa muda maalumu. Kampuni imelipa milioni 15 kwa ajili ya mazoea ya wateja. Muuzaji akiachwa huru kuhamia mtaa wa pili na kuwaita wateja walewale, kilichonunuliwa kinaondoka naye.

Vitabu vya pande mbili

Katika daftari la mwenye kinu hufunguliwa akaunti ya kufungia biashara. Mali zote za daftarini, milioni 83.5, huhamishiwa upande wa kushoto. Upande wa kulia huingia madeni yaliyochukuliwa na kampuni, milioni 24 kama yalivyoandikwa daftarini, na bei iliyolipwa, milioni 75. Tofauti ni faida ya milioni 15.5 inayoongezwa kwenye mtaji wake wa milioni 59.5. Mtaji unakuwa milioni 75, nao hulipwa kwa hisa 75,000. Akaunti zote zinabaki sifuri, na daftari linafungwa.

Katika kampuni, kwa utaratibu unaofundishwa vyuoni, mizania ya siku ya kwanza huonyesha mali za milioni 86, fedha mpya milioni 25 na thamani ya jina milioni 15, jumla milioni 126. Upande wa pili kuna madeni ya milioni 26 na mtaji wa hisa wa milioni 100. Pande mbili zinalingana.

Hata hivyo, bei iliyokubaliwa baina ya wanahisa si lazima iwe tarakimu itakayokubaliwa na mkaguzi wa hesabu. Viwango vya kimataifa vya uhasibu haviruhusu biashara kujiandikia thamani ya jina iliyoizalisha yenyewe, na kanuni zake za ununuzi wa biashara haziyahusu mauzo ambayo mtu yuleyule anaongoza kabla na baada. Mwenye kinu bado anaongoza kwa asilimia 75. Mkaguzi anaweza, kwa msingi huo, kutaka mali ziingizwe kwa thamani za daftari la zamani, na tofauti yake ioneshwe kama punguzo katika mtaji. Hisa hazibadiliki na kura hazibadiliki. Kinachobadilika ni sura ya mizania ambayo benki itaisoma. Busara ni kumuuliza mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) kabla ya kuandika, na kutotumia thamani ya jina kama njia ya kuikuza mizania kwa ajili ya mkopo.

Ikiwa thamani hiyo imeingizwa chini ya kiwango cha kampuni ndogo na za kati, haikai hapo milele. Hupunguzwa mwaka hadi mwaka, na pale ambapo umri wake hauwezi kukadiriwa kwa uhakika hauruhusiwi kuzidi miaka 10. Kwa kinu hiki ingemaanisha gharama isiyopungua milioni 1.5 kila mwaka katika hesabu za kampuni.

Kodi na madeni yasiyohama yenyewe

Kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kampuni ni mlipakodi mpya. Inahitaji namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, hesabu zake na ritani zake, na faida yake hutozwa asilimia 30. Uhamishaji wa mali kutoka kwa mwenye biashara kwenda kwa kampuni yake nao ni tukio la kikodi, kwa kuwa mali imebadili mwenyewe. Mashine zilizokuwa na milioni 24 daftarini na kuuzwa kwa milioni 36 zinaweza kuzaa faida inayotozwa kodi hata kama hakuna shilingi iliyopita mkononi. Sheria ya Kodi ya Mapato ina nafuu kwa baadhi ya uhamishaji baina ya watu wenye uhusiano, lakini nafuu hiyo ina masharti. Mfanyabiashara ana haki ya kuomba uamuzi wa maandishi wa TRA kuhusu muamala wake, na wakati wa kuuomba ni kabla ya kusaini mkataba.

Madeni yanahitaji uangalifu wa pekee. Kifungu kinachosema kampuni imechukua mkopo wa benki wa milioni 15 ni makubaliano kati ya mwenye kinu na kampuni. Benki si sehemu yake. Mpaka benki ikubali kwa maandishi kumwachilia na kuitambua kampuni kuwa mdaiwa, mwenye kinu bado anadaiwa yeye binafsi, na dhamana aliyoiweka bado imeshikwa. Hali ni hiyohiyo kwa wakulima wanaodai milioni 9. Waliodhani kuwa usajili wa kampuni uliwakinga na madeni ya zamani wamekuwa wakijua ukweli siku ya kudaiwa.

Yapo pia mambo madogo yenye madhara makubwa yakiachwa. Leseni ya biashara iliyotolewa kwa jina la mtu haiwi ya kampuni bila kuombwa. Kadi ya lori hubadilishwa jina, la sivyo bima inaweza kukataa kulipa ajali ya gari ambalo kwenye kumbukumbu si la kampuni. Wafanyakazi hupewa mikataba ya mwajiri mpya inayotaja utumishi wao wa zamani, na kampuni husajiliwa NSSF kama mwajiri. Shule zenye mikataba ya kununua unga huandikiwa ili zikubali kampuni iingie mahali pa mwenye kinu. Mikataba hiyo ndiyo iliyosaidia kufikia miaka mitatu katika hesabu ya thamani ya jina, na ikikataliwa hesabu hiyo inapaswa kurudiwa.

Baada ya hayo yote kukamilika, mwenye kinu humjulisha Msajili wa Majina ya Biashara kwamba ameacha kufanya biashara kwa jina lile, ili jina liondolewe kwenye daftari. Ankara, mihuri na vibao vyenye jina la zamani huondolewa siku hiyohiyo, kwa kuwa mteja aliyepewa ankara ya jina la zamani anaweza kudai kwamba alifanya biashara na mtu binafsi na si na kampuni.